Uso wa mzee kwa matofali 1,280

Anayecheza Minecraft amezoea dunia ambayo kila kitu kimekatwa kwa pembe za mraba: mlima, mti, ng'ombe, hata jua. Mchezo huo ulibuniwa na Markus Persson wa Sweden na ulianza kuchezwa hadharani mwaka 2009. Tangu hapo vijana wengi wameingiwa na hamu ya kujenga humo sura ya mtu wanayempenda. Wanachukua picha ya simu, wanaitia kwenye programu ya kugeuza, na mara nyingi kinachotoka ni ukuta wa madoadoa usio na mtu ndani yake. Hapo hufanya lile linaloonekana la maana: wanaongeza matofali, wanaongeza rangi. Ukuta unakuwa mkubwa, kazi inakuwa ndefu, na uso bado haupo.

Sababu ni kwamba uso hautambuliki kwa wingi wa vipande. Unatambulika kwa mpangilio wa giza na mwanga katika sehemu chache sana: nyusi, macho, kivuli cha chini ya pua, mstari wa mdomo, ukingo wa nywele au kofia. Mpangilio huo ukibaki, mtu anabaki hata kama umetupa karibu kila kitu kingine. Ukipotea, elfu kumi ya matofali hayatamrudisha.

Hili lilijulikana kabla kompyuta hazijafika majumbani. Mwaka 1973 Leon Harmon, mtafiti wa maabara ya Bell nchini Marekani, alichapisha katika jarida la Scientific American picha ya Abraham Lincoln iliyokatwa katika visanduku vikubwa, kila kimoja kikiwa na kijivu cha aina moja tu. Kwa karibu unaona visanduku. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, au ukikunja macho, Lincoln anatokeza. Mwaka huohuo yeye na mwenzake Bela Julesz walieleza kinachotokea. Kinachotuziba macho ni kingo za visanduku. Ni mistari mikali ambayo haikuwemo usoni, imeletwa na ukataji wenyewe, na jicho linaishika hiyo kwanza. Umbali unapozififisha kingo, kilichokuwa chini yake kinaonekana. Mchoraji Salvador Dalí alivutiwa na picha ile, na mwaka 1976 alikamilisha mchoro ambao kwa karibu ni mwanamke dirishani anayetazama bahari, na kwa mita ishirini ni Lincoln.

Kwa mjenzi wa matofali, somo la Harmon lina matumizi ya moja kwa moja. Kabla ya kubadilisha chochote katika picha yako ya visanduku, irudishe mbali na macho au ipunguze kwenye kioo cha simu hadi iwe na ukubwa wa kidole gumba. Kama mtu anaonekana, kazi imekwisha hata kama kwa karibu inakuudhi. Kama haonekani hata hapo, kuna kosa katika moja ya mambo mawili: ukubwa wa gridi au uchaguzi wa rangi. Tuyachukue mambo hayo kwa kazi moja halisi.

Picha ni ya mzee wa mtaa wetu. Ngozi yake ni ya kahawia iliyokoza, ndevu ni nyeupe na fupi, kichwani ana kofia ya kiua iliyodariziwa kwa mkono, na amekaa barazani, nyuma yake ukuta wa buluu. Ilipigwa asubuhi kwa simu, mwanga ukitokea upande mmoja, hivyo shavu moja limeng'aa na jingine limeingia kivulini. Mjukuu wake alitaka imjengwe babu ukutani ndani ya Minecraft. Baada ya kukata pembeni palibaki eneo la pikseli 800 kwa upana na 1,000 kwa urefu, na uso wenyewe, toka sikio hadi sikio, unachukua pikseli 500 za ule upana.

Swali la kwanza ni gridi iwe na visanduku vingapi. Watu wengi huchagua namba inayopendeza, 16 au 64 au 100. Mimi huanza na jicho. Wachoraji wana kipimo cha zamani kwamba upana wa uso ni kama macho matano yaliyopangwa mstari mmoja. Si sheria ya kila mtu, lakini inatosha kwa hesabu. Uso wa pikseli 500 una jicho la pikseli 100. Sasa gawa. Gridi ya visanduku 16 kwa upana wote wa picha inafanya kila kisanduku kiwe na pikseli 50, na jicho linapata visanduku viwili. Katika visanduku viwili huwezi kuweka mboni katikati ya weupe. Unapata doa moja jeusi na doa moja la kijivu, na mzee anaonekana kama amefumba jicho au amepigwa ngumi. Gridi ya 32 inafanya kisanduku kiwe na pikseli 25, na jicho linapata vinne: cheupe, cheusi, cheusi, cheupe. Hapo kuna jicho. Gridi ya 64 inalipa jicho visanduku vinane, ni kweli, lakini kwa kimo chake cha 80 idadi ya matofali inafika 5,120, nawe hujapata utambuzi wowote ambao ile ya 32 haikukupa. Kwa 32 kwa 40 unajenga matofali 1,280. Kijana mmoja anaweza kuyapanga bila kuchoka akaacha njiani.

Kwa hiyo kipimo ni jicho kupata visanduku vitatu hadi vinne. Kama picha ina watu wanne wamesimama pamoja, kila uso una upana mdogo na gridi lazima iwe kubwa zaidi. Kama ni uso mtupu unaojaza fremu, hata 20 inaweza kutosha. Namba ya gridi peke yake haina maana mpaka ujue uso unachukua sehemu gani ya picha. Ndiyo maana ukataji wa picha huja kabla ya kitu kingine chochote. Wengi hubakiza mabega, kiti, mlango na anga, halafu wanashangaa uso umepewa visanduku saba.

Kuna jambo dogo hapa ambalo programu nyingi hazikuambii. Gridi ileile, juu ya picha ileile, inaweza kutoa watu wawili tofauti kulingana na mahali mistari yake inapoangukia. Kama mstari wa kisanduku unapita katikati ya mboni, weusi wake unagawanywa kwa visanduku viwili na kila kimoja kinakuwa na kijivu cha wastani. Kama mboni imeingia kamili ndani ya kisanduku, unapata weusi wenyewe. Kwa picha ya mzee, ukataji wa kwanza uliyafanya macho yake yawe na ukungu. Nilipousogeza kwa pikseli 12, yaani nusu ya kisanduku, kwenda kulia, macho yalifunguka. Jaribu kusogeza kulia na chini kabla hujaamua kwamba gridi ni ndogo.

Baada ya gridi, kila kisanduku kinapaswa kupata rangi moja kutoka kwa pikseli zake, na kwa gridi yetu pikseli hizo ni 625. Njia ya haraka ni kuchukua ile iliyo katikati na kuzisahau 624. Kofia ya kiua inaonyesha ubaya wa njia hiyo. Darizi yake ni maua madogo yenye uzi wa kahawia juu ya kitambaa cheupe. Pikseli ya katikati katika kisanduku kimoja inaangukia uzi, katika kinachofuata inaangukia kitambaa, na kofia inageuka kuwa vipande vya kahawia na vyeupe vilivyotawanyika ovyo, au mbaya zaidi, inazaa mistari ya mshazari ambayo haikuwahi kushonwa na mtu. Ukiona mchoro usiokuwepo kwenye nguo ya mtu wako, kanga au kofia au shati la mistari, ujue programu imechukua pikseli moja badala ya wastani. Wastani wa pikseli zote 625 unaifanya kofia iwe na weupe mtulivu wa maziwa, na hivyo ndivyo kofia ile inavyoonekana kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Wastani nao una hila yake. Namba za rangi katika picha za kompyuta, kuanzia 0 hadi 255, hazipandi sambamba na mwanga wenyewe. Kisanduku ambacho nusu yake ni nyeusi tii na nusu ni nyeupe pe, ukiongeza namba na kugawa kwa mbili, kinapata 128. Mwanga halisi unaotoka hapo ni nusu ya ule wa nyeupe, na namba inayolingana na nusu hiyo ni takriban 188. Kwenye shavu, ambako pikseli zinafanana, tofauti hii haionekani kabisa. Kwenye kofia yenye nyuzi za giza na za mwanga zilizochanganyika, na kwenye ndevu zenye mvi, wastani wa kawaida unatia giza lisilostahili. Dawa rahisi, kwa asiyetaka hesabu ndefu, ni kuongeza mwanga kidogo katika sehemu hizo kwa mkono baada ya kugawa visanduku.

Mpaka hapa mzee ana visanduku 1,280, na karibu kila kimoja kina rangi yake ya kipekee. Hakuna duka wala mchezo wenye matofali ya rangi elfu moja. Lazima zipunguzwe. Kwa mwenye kompyuta iliyo na lugha ya Python na maktaba ya Pillow, hatua zote tulizokwisha kuzitaja, pamoja na hii, zinaingia katika mistari michache:

```python
from PIL import Image

p = Image.open("mzee.jpg").convert("RGB")
p = p.crop((312, 200, 1112, 1200))
p = p.resize((32, 40), Image.Resampling.BOX)
p = p.quantize(colors=12, method=Image.Quantize.MEDIANCUT)
p = p.resize((800, 1000), Image.Resampling.NEAREST)
p.save("matofali.png")
```

Neno `BOX` ndilo linaloamuru wastani wa kisanduku. `NEAREST` ya mwisho inavikuza visanduku bila kuvilainisha kingo. Mstari wenye `MEDIANCUT` ndio unaopunguza rangi hadi 12, kwa njia aliyoieleza Paul Heckbert katika makala ya mwaka 1982. Chukulia rangi zote za picha kama nukta ndani ya sanduku lenye pande tatu, nyekundu, kijani na buluu. Unatafuta upande ambao nukta zimetawanyika zaidi, unalikata sanduku pale ambapo nusu ya nukta inabaki kila upande. Yale mawili unayakata tena vilevile, na kuendelea mpaka upate masanduku 12. Wastani wa kila sanduku unakuwa rangi moja.

Njia hiyo ni ya haki kupita kiasi: inagawa rangi kwa wingi wa visanduku. Ukuta wa buluu nyuma ya mzee ulikuwa na visanduku vingi, vingine kwenye jua na vingine kivulini, hivyo ukajichukulia rangi nne kati ya 12. Weupe wa macho yake, ambao kwa gridi yetu ni visanduku vinane tu kati ya 1,280, haukupata hata moja. Ulimezwa na kahawia ya jirani yake, na macho yakazimika. Dalili yake ni hiyo: ukuta wa nyuma unapendeza kwa mawimbi laini ya rangi, na uso umekuwa bapa. Tiba ni kuupaka ukuta wote rangi moja kabla ya kupunguza. Rangi zinazookolewa zinakwenda usoni zenyewe. Ukiona macho bado hayana weupe, usiongeze idadi kutoka 12 hadi 20. Vipake vile visanduku vinane kwa mkono. Kazi ya dakika mbili inaushinda mfumo wowote hapa, na sioni aibu yoyote kuifanya.

Rangi hizo 12, hata hivyo, ni rangi za picha, si za matofali. Ndani ya mchezo huchanganyi rangi upendavyo. Unachagua kati ya zilizopo. Tofali linalopendwa na wajenzi wa sura ni zege, kwa kuwa uso wake ni laini na hauna michirizi, na linakuja kwa rangi 16. Hapa ndipo sura za watu weusi zinapoharibika zaidi, na inaniuma kuona watu wakidhani ni kosa la picha zao.

Tufanye hesabu kwa visanduku vitatu vya uso wa mzee. Shavu, mahali pa mwanga wa kawaida, ni (118, 76, 52), yaani nyekundu 118, kijani 76, buluu 52. Kivuli cha chini ya taya ni (62, 42, 34). Paji linalong'aa ni (186, 140, 112). Programu inatafuta tofali lililo karibu zaidi kwa kutoa namba kwa namba, kuzidisha kila tofauti kwa yenyewe na kujumlisha. Jumla ndogo ndiyo inayoshinda.

Shavu halina tatizo. Tofali `brown_concrete` lina wastani wa takriban (96, 60, 32). Tofauti ni 22, 16 na 20, jumla ya vipeo vyake 1,140, na hakuna zege nyingine inayokaribia hapo. Nenda kwenye kivuli. Kwa tofali hilohilo la kahawia jumla ni 1,484. Kwa `gray_concrete`, ambayo ni kama (55, 58, 62), jumla ni 1,089. Kijivu kimeshinda. Taya la mzee linakuwa la saruji mbichi. Panda kwenye paji: zege ya kijivu cheupe inapata 3,955, na `pink_concrete`, iliyo karibu na (213, 101, 143), inapata 3,211. Waridi imeshinda. Kwa hiyo uso mmoja wa kahawia umegawanyika paji la waridi, shavu la kahawia, kidevu cha kijivu. Mjukuu alipoona jaribio hilo alisema, "Kaka, huyu si babu, huyu ni mtu aliyejipaka chokaa."

Kuna njia bora ya kupima umbali wa rangi. Mwaka 1976 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitoa mfumo uitwao Lab, uliotengenezwa ili tofauti za namba zifuate tofauti anazoziona binadamu, na programu nzuri zinautumia. Unasaidia: kwenye paji la mzee unaifukuza waridi. Lakini unaweka kijivu mahali pake, na kidevuni kijivu kinabaki. Hakuna hesabu itakayochagua tofali ambalo halimo kwenye orodha. Zege zina kahawia moja tu. Ngozi ya mtu yeyote picha inapopigwa kwa mwanga wa pembeni inahitaji ngazi nne au tano za rangi ileile, kutoka giza hadi mng'aro, na orodha imempa mzee ngazi moja.

Basi orodha ndiyo ya kubadilisha. Minecraft ina udongo uliochomwa, `terracotta`, wenye rangi zake 16 pamoja na ule usiotiwa rangi, na rangi nyingi kati ya hizo ni za kahawia, hudhurungi na matofali ya udongo. Kwa kivuli cha taya, `brown_terracotta` ya takriban (77, 51, 36) inapata jumla ya 310. Kijivu kilichokuwa na 1,089 hakina tena nafasi. Kwa paji nilitafuta kwenye mbao, nikapata `jungle_planks`, mbao za mti wa msituni, karibu na (160, 115, 81), jumla 2,262. Zina michirizi, lakini kwa umbali wa hatua kadhaa inapotea. Kati ya hayo na shavu kuna `terracotta` isiyotiwa rangi, kama (152, 94, 68). Giza kabisa, kwenye tundu za pua na ukingo wa kofia, inasimama `black_terracotta`, ambayo licha ya jina lake ni kahawia ya kahawa nzito. Sasa ngozi ina ngazi tano, na kijivu na waridi niliviondoa kabisa kwenye orodha ili programu isivifikirie.

Ondoa rangi mbaya kabla ya kuongeza nzuri. Orodha fupi iliyochaguliwa kwa uso wa mtu huyu itaishinda orodha ndefu ya matofali yote ya mchezo, kwa sababu kila rangi ngeni iliyomo ni nafasi ya programu kuichomeka shavuni mahali ambapo hesabu imeipendelea kwa tofauti ndogo.

Programu nyingi zitakupa pia kitufe cha `dither`. Maana yake, rangi inayokosekana inaigizwa kwa kuchanganya vidoa vya rangi mbili zilizopo. Njia maarufu zaidi ni ya Robert Floyd na Louis Steinberg, ya mwaka 1976: kosa la kila kisanduku linagawiwa jirani zake wanne, sehemu saba kati ya kumi na sita kwenda kulia na zilizobaki kwenda mstari wa chini. Kwenye ramani za mchezo, ambazo picha yake moja ina visanduku 128 kwa 128, inafanya maajabu. Kwenye gridi ya 32 iache. Kila kidoa hapa ni kikubwa kama robo ya jicho, na shavu la mzee linaota ndui. Bora shavu la rangi tatu zilizokaa kwa matabaka safi.

Wengine hawaridhiki na ukuta; wanataka sura itokeze kama kinyago, kwa vokseli, yaani vipande vyenye kina. Kishawishi ni kuutumia mwanga kama kina: kilicho cheupe kisogezwe mbele, kilicho cheusi kirudi nyuma. Kwa mzee huyu matokeo yake ni kofia na ndevu zilizochomoza mbele kuliko pua, na shavu la kivulini lililozama kana kwamba limebonyea. Picha ya simu imehifadhi mwanga, haikuhifadhi umbali. Panga kina kwa mkono kwa matabaka machache: ukuta wa nyuma tabaka la kwanza, mabega na shingo la pili, uso na kofia la tatu, nyusi, mdomo na ndevu la nne, pua la tano. Macho yabaki tabaka la tatu, chini ya nyusi, ili nyusi ziyatilie kivuli chake cha kweli. Matabaka matano yanatosha kwa uso wenye upana wa visanduku ishirini. Zaidi ya hapo ukitazama kwa pembeni utaona ngazi badala ya mtu.

Anayejenga katika hali ya kuchuma vitu mwenyewe ahesabu kwanza. Mchanga vipande vinne, changarawe vinne na rangi moja vinatoa unga wa zege nane, nao hugeuka zege unapogusana na maji. Kwa matofali 200 ya zege ya kahawia unahitaji mchanga 100, changarawe 100 na rangi 25, na rangi hiyo inatokana na kakao, inayoota kwenye miti ya msituni, hukohuko zinakotoka zile mbao za paji. Udongo uliochomwa unapakwa rangi manane kwa rangi moja.

Na kabla hujaweka tofali la kwanza, angalia ukuta wako unatazama wapi. Mchezo huu unazitia kivuli pande za tofali kwa kiwango maalumu: upande wa juu unapata mwanga kamili, pande za kaskazini na kusini asilimia 80, za mashariki na magharibi asilimia 60. Kwa sura yenye ngozi nyeusi asilimia hizo ishirini ni nyingi, maana ngazi mbili za giza zaidi zinagandana na taya linapotea kwenye shingo. Jenga ukuta unaotazama kaskazini au kusini.